Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: herufi mbaya, mkia mzuri, na jinsi kutafuta neno kunavyoruka maandishi

Haya ni maswali ambayo huwa nayapata tena na tena kutoka kwa watu wanaojaribu kuandika wenyewe utafutaji wa Boyer-Moore, ile njia ya kutafuta neno ndani ya maandishi kwa kanuni mbili, herufi mbaya na mkia mzuri. Wengi wanaelewa kanuni ya kwanza ndani ya dakika kumi halafu wanakwama kwenye ya pili, wanaiacha, wanaendelea na maisha. Mimi naona ya pili ndiyo yenye utamu wote, kwahiyo nimeipa nafasi kubwa. Neno moja litatusindikiza karibu mwanzo mpaka mwisho, katakata, na nafasi zote nahesabu kuanzia 0.

Hivi inawezekanaje kutafuta neno bila kusoma herufi zote za maandishi?

Siri ipo kwenye upande unaoanzia kulinganisha. Unaliweka neno chini ya maandishi, lakini badala ya kuanza na herufi ya kwanza ya neno unaanza na ya mwisho, unarudi kushoto. Neno lenyewe likishindwa hapo linasogezwa kulia, yaani neno linasafiri kwenda kulia ila macho yanasoma kwenda kushoto.

Sasa chukua katakata, ina herufi 8. Naiweka mwanzoni kabisa mwa maandishi, naangalia herufi ya maandishi iliyoko nafasi ya 7. Nikikuta pale kuna m, basi nimeshajua kitu kikubwa sana kwa kuangalia herufi moja tu: katakata haina m popote, kwahiyo hakuna namna neno likalie juu ya nafasi hiyo ya 7, iwe kwa k yake, t yake au a yake yoyote. Nalirusha neno zima mpaka lianzie nafasi ya 8. Herufi za nafasi 0 mpaka 6 sijazisoma na sitazisoma kamwe, wala sijapoteza chochote.

Ukianza kushoto huwezi kupata zawadi hiyo, maana ukikosea kwenye herufi ya kwanza unachokijua ni habari ya nafasi moja tu, na utasogea hatua moja.

Kanuni ya herufi mbaya inasemaje hasa?

Herufi mbaya ni ile ya kwenye *maandishi* iliyosababisha kutolingana, sio ya kwenye neno. Hapa watu wengi wanachanganya. Unaiuliza neno: je, wewe unayo herufi hii, na ya mwisho kabisa kulia iko wapi? Kisha unalisogeza neno ili herufi yake hiyo ije ikae chini ya ile mbaya. Kama neno halinayo kabisa, unalipitisha lote upande wa pili.

Kwa katakata jedwali ni dogo mno, k ya mwisho iko nafasi ya 4, t iko 6, a iko 7, na herufi nyingine yoyote duniani inahesabiwa kama iko -1. Mruko ni nafasi ya neno pale ulipokwama ukitoa namba ya kwenye jedwali. Nimekwama nafasi ya 6 ya neno na maandishi yananionyesha k? Sita toa nne, naruka 2. Nimekwama hapohapo na maandishi yananionyesha h? Sita toa hasi moja, naruka 7.

```python
def jedwali_la_herufi(p):
    mwisho = {}
    for i, h in enumerate(p):
        mwisho[h] = i
    return mwisho
```

Mbona yangu inanipa namba hasi?

Haujakosea, kanuni yenyewe ndivyo ilivyo. Weka katakata chini ya "si utata", ambayo nayo ina herufi 8 ukihesabu na nafasi wazi. Unaanza kulia: a kwa a, sawa, t kwa t, sawa, a kwa a, sawa, halafu maandishi yana t na neno lina k. Umekwama nafasi ya 4. Herufi mbaya ni t, na t ya mwisho kwenye neno iko nafasi ya 6, tayari umeshaipita. Nne toa sita ni -2, yaani kanuni inakwambia urudi nyuma.

Kurudi nyuma hakuna maana, kule ulishatoka. Ukiwa na kanuni hii peke yake lazima useme "angalau ruka 1". Ukisahau hilo kuna siku programu itaganda kabisa, na mimi niliwahi kupoteza jioni nzima kwa jambo hili. Jaribu kutafuta `saa` ndani ya `ndaaa`. Kwenye nafasi ya 0 dirisha, yaani kipande cha maandishi kilicho juu ya neno, ni "nda", a inalingana, kisha d si a, d haimo kwenye neno, unaruka 2. Kwenye nafasi ya 2 dirisha ni "aaa", a mbili zinalingana, unakwama kwenye s, herufi mbaya ni a ambayo ya mwisho iko nafasi ya 2, sifuri toa mbili ni -2. Umerudi 0. Kisha 2. Kisha 0. Itazunguka hivyo mpaka uizime.

Haya, na mkia mzuri ndio nini?

Mkia mzuri ni kile kipande cha mwisho wa neno ambacho *kililingana* kabla hujakwama. Kwenye "si utata" tulilinganisha herufi tatu zikakubali, kwahiyo mkia mzuri ni "ata". Herufi mbaya inatumia ile habari ya kushindwa tu, hizi tatu zilizofaulu inazitupa. Mkia mzuri unakataa kuzitupa.

Fikiria hivi. Tunajua kwa hakika kwamba maandishi pale yana "ata", tumeshayasoma. Kwahiyo popote tutakaposogeza neno, kama bado litafunika eneo lile, sehemu ya neno itakayokaa pale lazima nayo iwe "ata", la sivyo tunajua jibu kabla ya kuangalia. Basi swali sio la maandishi tena, ni la neno lenyewe: ndani ya katakata, "ata" nyingine iko wapi ukienda kushoto? Ipo, nafasi ya 1 mpaka 3. Hiyo inatuambia turuke 4.

Lakini subiri, hapo bado hatujamaliza.

Kwanini watu wanasema herufi iliyo kabla ya mkia lazima iwe tofauti?

Kwa sababu ile "ata" ya nafasi ya 1 imetanguliwa na k, na ile "ata" ya mwisho pia imetanguliwa na k. Na tulikwama kwa sababu gani? Kwa sababu maandishi yana t pale tulipotaka k. Ukiruka 4 unaleta k nyingine uso kwa uso na t ileile iliyokwisha kuikataa k. Ni kugonga mlango ambao umeshaambiwa hakuna mtu.

Kwahiyo kanuni yenye nguvu inasema: tafuta nakala ya mkia mzuri iliyoko kushoto, *na* herufi inayoitangulia isiwe ileile iliyokataliwa. Katika katakata "ata" zote mbili zimetanguliwa na k, hakuna nyingine. Basi neno haliwezi kukaa sehemu yoyote inayofunika "ata" hiyo yote, na tunaruka 8, neno zima. Angalia tofauti: dirisha lilelile, herufi mbaya inasema -2, mkia mzuri ulio dhaifu unasema 4, mkia mzuri wenye nguvu unasema 8. Tulisoma herufi 4, tukapita 8.

Kuna watu wananiambia toleo dhaifu linatosha. Kwa neno lisilojirudia, ndiyo, hutaona tofauti kubwa. Ila kwa maneno ya kujirudia kama barabara, wasiwasi, polepole, kizunguzungu, toleo dhaifu linaangukia kwenye mtego huu mara kwa mara, na Kiswahili tunayo maneno hayo tele.

Na kama mkia wote haupatikani kwingine ila kipande chake kinafanana na mwanzo wa neno?

Swali zuri sana, na hapa ndipo misimbo mingi ya kwenye mtandao inapokosea. Tuseme zimelingana herufi tano, "akata", ukakwama kwenye nafasi ya 2. "akata" nyingine kushoto haipo. Lakini usiruke 8! Mwisho wa "akata" ni "kata", na neno letu linaanza na "kata". Ukiruka 4, neno linaweza kuanzia pale pale, likaegemea ile kata iliyokwisha kusomwa. Ukiruka 8 utakuwa umelipita neno halali bila kuliona.

Kwahiyo sheria kamili ina hatua mbili. Kwanza tafuta nakala kamili ya mkia yenye mtangulizi tofauti. Usipoipata, tafuta kipande kirefu kabisa cha mwisho wa mkia ambacho pia ni mwanzo wa neno, uruke ili mwanzo ukae juu ya kipande hicho. Hiki nacho kikikosekana ndipo unaruka urefu wote. Katika mfano wa "ata" tulifika hatua hii ya mwisho, kwa sababu "ata", "ta" na "a" hakuna hata moja inayoanza katakata.

Nionyeshe mfano mzima, sio kipande.

Tafuta katakata ndani ya "si utata kamba aliikatakata". Maandishi yana herufi 27 pamoja na nafasi wazi, na s ni nafasi neno linapoanzia.

```
nafasi    0         1         2
          012345678901234567890123456
maandishi si utata kamba aliikatakata
s = 0     katakata
s = 8             katakata
s = 15                   katakata
s = 19                       katakata
```

Dirisha la kwanza tumeshalifanya, ulinganisho 4, mkia mzuri unashinda, tunaruka 8.

Kwenye nafasi ya 8 neno liko chini ya " kamba a". Tunaanza kulia, a kwa a sawa, kisha maandishi yana nafasi wazi na neno lina t. Ulinganisho 2. Mkia mzuri hapa ni "a" tu, na a iliyo karibu ambayo haikutanguliwa na t ni ile ya nafasi ya 5 yenye k mbele yake, kwahiyo unatoa mruko wa 2. Herufi mbaya ni nafasi wazi, haimo kabisa kwenye neno, inatoa 7. Sasa herufi mbaya ndiyo inashinda. "kamba" yote tumeipita bila kuisoma, na kumbuka inaanza na "ka", yaani mtu anayetafuta kutoka kushoto angepoteza muda pale.

Kwenye nafasi ya 15 dirisha ni "aliikata". Herufi nne za mwisho zinakubali, ya tano ni i badala ya a. Ulinganisho 5. Herufi mbaya inasema 4, na mkia mzuri "kata", ambao ndio mwanzo wa neno, nao unasema 4. Sare.

Nafasi ya 19, zote 8 zinakubali. Limepatikana.

Jumla ni ulinganisho 19. Ukihesabu herufi tofauti zilizoguswa ni 15, na 12 hazikuguswa kabisa. Njia ya kawaida ya kusogea hatua mojamoja kutoka kushoto ingefanya ulinganisho 29 kwa maandishi hayahaya. Kwa mstari mmoja tofauti haionekani kuwa kubwa, ila ona jinsi kila kanuni ilivyoshinda mara moja kwa zamu.

Jedwali la mkia mzuri linajengwaje? Hapa ndipo naachaga.

Kwanza lifanye kwa mkono mara moja, ndio uangalie msimbo. Kwa katakata, ukikwama nafasi ya 7 (hakuna kilicholingana) unaruka 1, nafasi ya 6 unaruka 2, nafasi ya 5 unaruka 8, nafasi ya 4 unaruka 8, na nafasi za 3, 2, 1 na 0 zote unaruka 4. Ukilipata neno zima unaruka 4 pia.

Msimbo huu unatoa namba hizohizo, ila zimesogezwa nafasi moja, yaani ukikwama nafasi ya `j` unasoma `ruka[j + 1]`, na `ruka[0]` ni ya baada ya kupata neno.

```python
def jedwali_la_mkia(p):
    m = len(p)
    ruka = [0] * (m + 1)
    b = [0] * (m + 1)
    i, j = m, m + 1
    b[i] = j
    while i > 0:
        while j <= m and p[i - 1] != p[j - 1]:
            if ruka[j] == 0:
                ruka[j] = j - i
            j = b[j]
        i -= 1
        j -= 1
        b[i] = j
    j = b[0]
    for i in range(m + 1):
        if ruka[i] == 0:
            ruka[i] = j
        if i == j:
            j = b[j]
    return ruka
```

Kitanzi cha kwanza kinashughulikia ile hatua ya nakala kamili, na sharti la mtangulizi tofauti limejificha kwenye ule mstari wa `p[i - 1] != p[j - 1]`, mruko unaandikwa pale tu herufi mbili zinapotofautiana. Kitanzi cha pili kinajaza yaliyobaki wazi kwa kutumia mwanzo wa neno. Ukiwapa `katakata` unatakiwa upate `[4, 4, 4, 4, 4, 8, 8, 2, 1]`. Kama umepata kitu kingine simama hapo kwanza, usiende mbele.

Na usijione mzito kichwani kama hii sehemu inakusumbua. Mwaka 1980 Wojciech Rytter alichapisha makala nzima ya kurekebisha namna ya kujenga jedwali hili, maana namna iliyokuwa imetangazwa kabla yake ilikuwa na kosa.

Kwanini tunachukua mruko mkubwa kati ya miwili, kwanini tusijumlishe?

Kila kanuni ni ushahidi wa kukataa. Herufi mbaya ikisema 7 maana yake ni "nimethibitisha kuwa mruko wa 1 mpaka 6 hauwezi kuleta neno". Mkia mzuri ukisema 2 maana yake "mruko wa 1 hauwezekani". Shahidi wote wawili wanasema kweli, kwahiyo anayekataa zaidi ndiye tunamfuata, na tuko salama. Ukijumlisha ukaruka 9 umeenda mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyekuthibitishia chochote, na neno unaweza kuliacha nyuma.

Kuna faida nyingine ya kuchukua kubwa ambayo watu hawaioni haraka: mkia mzuri daima unatoa angalau 1. Kwahiyo namba hasi za herufi mbaya zinamezwa zenyewe, huhitaji tena lile sharti la "angalau 1".

```python
def tafuta(p, t):
    m, n = len(p), len(t)
    mwisho = jedwali_la_herufi(p)
    ruka = jedwali_la_mkia(p)
    s = 0
    while s <= n - m:
        j = m - 1
        while j >= 0 and p[j] == t[s + j]:
            j -= 1
        if j < 0:
            yield s
            s += ruka[0]
        else:
            s += max(ruka[j + 1], j - mwisho.get(t[s + j], -1))
```

Nimeona watu wanatumia herufi mbaya peke yake na inafanya kazi vizuri tu. Kwanini nihangaike?

Ni kweli, Nigel Horspool mwaka 1980 alitoa toleo jepesi ambalo linatumia jedwali moja tu la herufi, tena siku zote linaangalia herufi ya maandishi iliyo chini ya mwisho wa neno, hata kama umekwama mahali pengine. Halirudi nyuma kamwe na linaandikika kwa mistari michache. Kwa maandishi ya kawaida mimi mwenyewe naanza nalo. C++17 imeweka yote mawili, `std::boyer_moore_searcher` na `std::boyer_moore_horspool_searcher`, uchague.

Ishu inakuja data ikiwa ya kujirudia. Chukua neno lenye b moja mwanzoni likifuatiwa na a 99, na maandishi ya a tupu milioni 1. Kwa herufi mbaya pekee kila dirisha unalinganisha a 99 zinakubali, ya 100 inagoma, herufi mbaya ni a ambayo iko mwisho kabisa wa neno, namba inatoka hasi, unasogea 1. Hiyo ni ulinganisho kama milioni 100. Ukiweka mkia mzuri, dirisha lilelile linasema "a 99 hizi hakuna pengine zinapopatikana zikiwa na mtangulizi asiye b, na hakuna kipande chake kinachoanza neno kwa sababu neno linaanza na b", unaruka 100. Milioni 100 inakuwa milioni 1. Horspool naye anaangukia shimo hilohilo la milioni 100, maana herufi ya chini ya mwisho ni a kila mara na a nyingine iko hatua moja tu nyuma.

Kama watu wa nje ndio wanaokuletea neno na maandishi, mtu mwenye nia mbaya anaweza kukutengenezea hiyo hali makusudi. Hapo sio suala la mwendo tena, ni suala la seva kusimama.

Kwahiyo nikiwa na kanuni zote mbili niko salama kabisa?

Karibu, ila sio kabisa. Badilisha mfano kidogo, neno liwe a 100 na maandishi yawe a milioni 1. Sasa neno linapatikana kila mahali, kila dirisha unalinganisha 100, unaruka 1, umerudi kwenye milioni 100. Tatizo hapa sio mruko, mruko wa 1 ni sahihi, tatizo ni kwamba unasoma upya a 99 ulizozisoma sasa hivi.

Zvi Galil mwaka 1979 alitoa dawa yake: ukishapata neno na ukaruka kwa `ruka[0]`, kile kipande cha mwanzo wa neno kinachokaa juu ya herufi ulizokwisha kuzithibitisha usikirudie, simama ukifika mpaka wake. Kwa katakata maana yake ukilipata na kuruka 4, herufi 4 za mwanzo tayari unajua ni "kata", unaangalia 4 za mwisho tu. Kwa kutengeneza hilo unahitaji namba moja ya ziada ya kukumbuka mpaka, basi. Kama neno halipatikani kabisa kwenye maandishi, mkia mzuri wenye nguvu peke yake unakulinda, ulinganisho unabaki kwenye kiwango cha urefu wa maandishi. Toleo dhaifu halitoi ulinzi huo.

Nikilipata neno, si niruke urefu wake wote?

Hapana, isipokuwa umeamua makusudi kwamba hutaki yanayopandana. Ndani ya "katakatakata" neno katakata lipo mara mbili, nafasi ya 0 na nafasi ya 4. Ukiruka 8 utaripoti moja. Kwa kazi ya kubadilisha neno kwa neno lingine, moja ndiyo sahihi, kwa kazi ya kuhesabu inategemea unahesabu nini. Amua kabla hujaandika.

Kwa maandishi ya Kiswahili inafanyaje kazi?

Vizuri, ila kuna jambo la kuangalia. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, na a imejaa kila mahali. Kwahiyo neno lenye a mwishoni, ulinganisho wa kwanza mara nyingi unakubali kwa bahati tu, na ile miruko mikubwa ya kukosea mara ya kwanza unaipata mara chache kuliko ukitafuta neno linaloishia na herufi adimu. Kwenye mfano wetu madirisha yote manne yalikubali ile a ya mwisho! Ndiyo maana mkia mzuri kwetu unapata kazi ya kufanya.

DNA ni kali zaidi, herufi ziko nne tu, A, C, G na T. Neno la herufi 20 karibu hakika litakuwa nazo zote, kwahiyo hakuna herufi "isiyomo", na herufi mbaya inatoa vihatua vya 1, 2, 3. Hapo mkia mzuri ndio unabeba mzigo.

Na neno fupi sana, la herufi 1 au 2, usisumbuke. Huwezi kuruka zaidi ya urefu wa neno, kwahiyo hakuna cha kuokoa.

Maandishi yenye herufi za ajabu au emoji, jedwali si litakuwa kubwa mno?

Fanya kazi kwenye baiti badala ya herufi. Jedwali la herufi mbaya linakuwa na vyumba 256 tu, na UTF-8 imepangwa kiasi kwamba neno kamili haliwezi kuonekana kwa bahati mbaya likianzia katikati ya herufi nyingine, mradi neno na maandishi vyote ni UTF-8 halali. Kumbuka tu kwamba nafasi utakazorudishiwa ni za baiti. Jedwali la mkia mzuri halijali kabisa, lenyewe linategemea urefu wa neno tu.

Nitajuaje kama nimekosea, maana kila nikijaribu inatoa jibu sahihi?

Hii ndiyo hatari yake kubwa. Kosa la kuruka mno halileti meseji ya makosa, linakuacha kimya ukidhani neno halipo. Na kwa maneno ya kawaida linaweza kukaa miezi bila kuonekana, kwa sababu kosa linahitaji neno linalojirudia na maandishi yanayojirudia vikutane kwa mpangilio fulani.

Usijaribu kwa sentensi za kawaida. Tumia herufi mbili tu, a na b. Tengeneza maneno yote ya urefu wa 1 mpaka 6, yako 126, na maandishi yote ya urefu wa 12, yako 4,096, kisha linganisha majibu ya `tafuta` na ya njia ya kijinga inayosogea hatua mojamoja. Ni majaribio 516,096, kompyuta inayamaliza muda mfupi. Kwa herufi mbili tu kila aina ya kujirudia inatokea, na kama ulisahau ile hatua ya mwanzo wa neno itaumbuka hapo.

Kosa la upande wa pili, kuruka kidogo mno, jaribio hili haliligundui kwa sababu majibu yanabaki sahihi. Hilo unalikamata kwa kukagua jedwali lenyewe. Ipe `jedwali_la_mkia` neno `katakata`, ukipata `[4, 4, 4, 4, 4, 8, 8, 2, 1]` uko sawa, ukipata 4 pale penye 8 kagua lile sharti la mtangulizi tofauti.

Nani walianzisha haya?

Robert Boyer na J Strother Moore, makala yao ilitoka mwaka 1977 kwenye jarida la Communications of the ACM. Mwaka huohuo ikatoka na njia ya Knuth, Morris na Pratt, ambayo inasoma kutoka kushoto na haiachi herufi hata moja. Ukifungua `grep` ya GNU leo ukatafuta neno la kawaida, wazo la Boyer na Moore bado limo mle ndani, na jaribu hili: tafuta neno refu na neno fupi kwenye faili moja kubwa, yote mawili yasiwemo. Refu mara nyingi ndilo linalomaliza mapema.